Gemu yangu ya vita: mashine mbili zinaachana askari wakifika darajani. Naombeni ushauri

MsukaKambi
Wakuu habari za jioni. Nina gemu ya vita naisuka mwenyewe kwa C++, huu ni mwezi wa nane tangu nianze. Askari 200 kila upande, katikati mto na daraja moja. Mtandao nimeufanya kwa lokistepu: hatutumiani askari yuko wapi, tunatumiana amri tu, "kundi la 3 nenda pale", halafu kila mashine inajipigia hesabu yenyewe. Zamu 10 kwa sekunde. Amri ya zamu ya 100 inatekelezwa zamu ya 102 kote kuwili ili ipate muda wa kufika.

Shida ni kwamba baada ya kama dakika moja mambo yanaachana. Kwangu askari wamevuka, kwa mwenzangu wamekwama ukingoni wanapigwa mishale. Mechi moja, wote wawili tumeshinda! Kila zamu mashine zinabadilishana heshi ya hali nzima, hivyo najua zimeachana lini, ila sijui wapi. Msimbo ni ule ule, mstari kwa mstari.

Swali langu: mwenyeji atume nafasi za askari wote kila baada ya zamu ngapi ili kusawazisha? Nawaza 20. Tarehe 28 nimeahidi watu kuja kucheza, sina muda.

Bando_Kubwa
Hiyo ni pingi mkuu. Mtandao ukiwa mzito mwenzako anachelewa kuona. Mimi kwangu nilibadilisha laini tu, gemu zote zikatulia. Jaribu usiku wa manane.

MsukaKambi
Asante, ila amri zinafika zote, nimehesabu. Ikichelewa, gemu inasimama na kuisubiri. Ndivyo lokistepu ilivyo.

mzee_wa_modemu
Vijana mna mtandao wa kasi halafu mnalia. Age of Empires ilitoka 1997, watu wanane wanacheza kwa modemu ya 28.8, kwa njia hii hii ya kutumiana amri. Mngejua tulivyokuwa tunazuia mama asinyanyue mkonga wa simu mechi ikiwa katikati! Kwanza ulipaswa kumaliza gemu ya mtu mmoja ndipo uguse mtandao. Ujenzi hauanzii paani.

Nukta_Ishirini
Mkuu, tuache kusawazisha kwanza. Mashine zenyewe ni zipi? Kompaila gani, bendera gani? "Msimbo ule ule" na "programu ile ile" ni vitu viwili.

MsukaKambi
Kompyuta za kawaida tu. Nitumie zamu 20 au 30?

kidoleTumbo
Mimi nilipata hii hii. Nilikuwa napitia askari wangu wote waliomo kwenye `unordered_map`, na ufunguo ni pointa. Anwani za memori hazifanani kati ya mashine, kwa hiyo kwangu anaanza kupiga Juma, kwa jamaa anaanza Hamisi. Juma akimuua Hamisi kwanza, historia yote imebadilika. Wiki tatu zilikwenda hapo, na mchumba nusura aende nazo. Ipange kwa namba ya askari, utapona.

MsukaKambi
Yangu ni safu ya kawaida, napitia kwa namba 0 hadi 399. Bahati nasibu pia ina mbegu moja, na idadi ya mara ilizochotwa inalingana mpaka zamu ya kuachana.

Nukta_Ishirini
Vizuri, hapo umeshafuta washukiwa wawili. Sasa nijibu nilichouliza.

MsukaKambi
Sawa. Mimi niko kwenye laptopu ya Windows, GCC. Mwenzangu yuko kwenye simu, Android, imebildiwa na Clang ya NDK. Sikusema kwa sababu najua mtaniambia niache simu, na simu siiachi, wachezaji wangu wote wako huko. Laptopu kwa laptopu tumecheza saa nzima bila shida.

kidoleTumbo
Ndiyo maana ulikuwa unazunguka kama mtu anayedaiwa 😂

DoubleDouble
Basi ni `float`. `float` haina usahihi, ina tarakimu saba hivi. Badilisha zote ziwe `double`, shida imekwisha.

Nukta_Ishirini
Nusu tu ndugu. Ni kweli ni `float`, lakini tatizo si usahihi. Mashine mbili zikikosea kwa namna moja, lokistepu haijali hata kidogo. Inajali zikitofautiana. `double` itatofautiana vilevile, tofauti itakuwa ndogo zaidi na utachelewa kuiona.

Kujumlisha, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, kanuni ya IEEE 754 inadai jibu lilelile kila mahali. Ila prosesa ya simu ya ARM ya biti 64 ina amri moja inayozidisha na kujumlisha kwa mpigo, ikikadiria mara moja tu mwishoni. Laptopu yako, kama hukuweka `-march`, inazidisha, inakadiria, ndipo inajumlisha na kukadiria tena. Clang tangu toleo la 14 huunganisha hivyo bila kuulizwa. GCC nayo huunganisha, ila kwa x86-64 ya msingi amri hiyo haimo, kwa hiyo kwako haikutokea.

Tafuta zamu ya kwanza ambayo heshi inatofautiana, mwage hali yote ya zamu hiyo kwenye faili kutoka mashine zote mbili, linganisha.

MsukaKambi
Nimefanya. Zamu ya 611. Nimelinganisha faili mbili kwa `diff`: hakuna tofauti hata moja. Namba zote sawa, heshi tofauti.

ShahidiWaMacho
Haya sasa. Namba zote sawa, heshi tofauti? Heshi ni hesabu juu ya namba hizo hizo. Wakuu, huyu anatunga. Kwanza alificha simu, sasa analeta muujiza. Mwezi uliopita kulikuwa na uzi wa mtu aliyeuza injini ya gemu yake Dubai, nayo ilikuwa stori tupu. Sitashangaa huyu akiwa mwanafunzi anatafutiwa jibu la mtihani.

mzee_wa_modemu
Hata mimi nilishtuka. Mtu mwenye gemu ya miezi minane angeweka picha.

MsukaKambi
Mtihani gani jamani, nina miaka 34 na watoto wawili. Picha sitaki kuweka, nyumba za kijiji nimeazima kwa mtu na bado sijamwomba ruhusa. Mstari ninaoandikia faili ni huu:

```
fprintf(f, "%d %.3f\n", s->id, s->pinda);
```

Nukta_Ishirini
Hatungi. `%.3f` ndiyo inayomdanganya: chochote chini ya 0.0005 kinaandikwa 0.000. Andika biti zenyewe:

```
uint32_t b;
memcpy(&b, &s->pinda, 4);
fprintf(f, "%d %08x\n", s->id, b);
```

MsukaKambi
Mungu wangu.

```
laptopu:  57 00000000
simu:     57 31f5c290
```

Askari wa 57. Wengine wote wanalingana. Hapo kabla sijawahi kuona tofauti kwa sababu `pinda` napiga tu askari akikuta kizuizi mbele yake, na kizuizi cha kwanza ni nguzo ya daraja.

```
s->pinda = f.x*t.y - f.y*t.x;
// zamu inayofuata
if (s->pinda > 0.0f) kushoto(s); else kulia(s);
```

`f` ni anakoelekea, `t` ni lengo lilipo, zote urefu wa moja. Nafasi zenyewe ni namba nzima, `int`. Alipotoka kambini lengo lilikuwa (600, 800) kutoka kwake, zamu ya 611 limebaki (300, 400).

Nukta_Ishirini
Kesi nzuri kuliko nilivyotarajia. Anakwenda moja kwa moja kwenye lengo, kwa hiyo `f` na `t` zote ni (0.6, 0.8), na jibu la kweli ni sifuri.

Laptopu inazidisha 0.6 kwa 0.8, inakadiria. Inazidisha tena upande wa pili, inapata kilekile, inatoa: sifuri kamili. Simu inakadiria zao moja tu, lile lingine inalibeba zima bila kukadiria, halafu inatoa. Kinachobaki ni lile kosa la kukadiria, kama 0.00000000715. Ndiyo hiyo `31f5c290`. Si sifuri, ni chanya. Kwenye simu askari anapinda kushoto, kwenye laptopu kulia. Ingeunganishwa upande ule mwingine wa alama ya kutoa, ingekuwa hasi, wote wangeenda kulia, na bado heshi zingetofautiana.

DoubleDouble
Basi weka `if (pinda > 0.0001f)`.

Nukta_Ishirini
Kesho askari atatua kwenye 0.0001 yenyewe. Umehamisha mpaka tu, hujaufuta. Na `pinda` ingali kwenye heshi.

Weka `-ffp-contract=off` kwenye bildi zote mbili, hilo ni la leo. Kisha hapa huhitaji `float` kabisa. Nafasi ni `int` tayari, unachotaka ni alama tu. Hifadhi mwelekeo kama namba nzima, zidisha kwa `int64_t`: 600×400 kutoa 800×300 ni sifuri kwenye prosesa yoyote duniani.

kidoleTumbo
Si ahamie namba nzima kote? 0 A.D. simulesheni yao yote haina `float`.

Nukta_Ishirini
Inawezekana, ila injini ya Spring wamebaki na `float` kwa kutumia maktaba ya streflop. Akienda kwenye 16.16 aangalie: sehemu nzima inaishia 32767, na 300 mara 300 tu ni 90000. Zao kama hilo libaki kwenye biti 64.

MsukaKambi
Nimeelewa. Ila kule kusawazisha nimeshakuandika, zamu 20, kunafanya kazi nusu. Nikubakize kama mkanda wa usalama?

Nukta_Ishirini
Unatuma nafasi. Afya? Mishale iliyoko hewani? Na hali ya bahati nasibu? Yule wa 57 akienda kushoto anakutana na adui, anachota bahati nasibu mara mbili zaidi. Ukimrudisha mahali pake, mchoto uliozidi haurudi, na kuanzia hapo kila pigo la kila askari ni tofauti. Ungekuwa unasahihisha kila sekunde mbili mpaka mwisho wa mechi bila kujua unasahihisha nini.

MsukaKambi
Bado nasita kufuta huko kusawazisha. Tarehe 28 ikiharibika mbele ya watu, wewe hutakuwepo.

ShahidiWaMacho
Nakubali nilikosea. Ila weka picha siku moja.

MsukaKambi
Mrejesho wa leo. `-ffp-contract=off` kote kuwili na `pinda` ya `int64_t`. Darajani tumepita mara sita. Halafu zamu ya 4038 imeachana tena, safari hii wapiga mishale:

```
laptopu:  212 3e8a1c07
simu:     212 3e8a1c08
```

Uwanja huo ni pembe, inatoka `atan2f`.

Nukta_Ishirini
Tofauti ya thamani ya biti ya mwisho kabisa. `atan2f`, `sinf` na wenzake hawamo kwenye lile dai la jibu moja, kila maktaba ina yake, na bendera ile haiwagusi. Pembe hiyo ni ya kuchora tu, au mshale unaitumia kujua unapiga nani? Kama ni ya kuchora, itoe kwenye heshi uendelee na maisha.

MsukaKambi
Mshale unaitumia.

Bando_Kubwa
Laini lakini ulijaribu kubadilisha?