Sote wanane tumefikisha malengo, lakini lazima mmoja aandikwe dhaifu!

Afisa_Mwanjelwa: Wakuu, nina hasira. Taasisi yetu ya mikopo hapa Mbeya hupanga maafisa mikopo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kila tawi lazima litoe asilimia 10 ya "walio chini ya kiwango". Sisi tupo wanane. Asilimia 10 ya wanane haifiki hata mtu mmoja, ila meneja kalazimishwa aandike jina, na kaandika.

Aliyeandikwa ni dada anayehudumia wakulima wa mpunga kule Ubaruku. Tathmini inafungwa Machi, mpunga bado uko shambani, hivyo marejesho yake yanaonekana yamechelewa. Mimi wateja wangu ni wafanyabiashara wa sokoni, wanalipa kila wiki. Hapo kapimwa yeye au kapimwa msimu?

Kinachoniuma zaidi, mwenzangu alijua kikundi fulani kimemsumbua kwenye marejesho, akanyamaza nikakikopesha. Nikishuka mimi, anapanda yeye. Na sasa tumeambiwa tupeane alama sisi kwa sisi. Mtu unabakije muungwana humo?

MwanaUyole: Hiyo ni kinyume cha sheria! Sheria ya Ajira ya 2004 imekataza. Nendeni CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kesho.

Mstaafu_Utumishi: Kupanga watu hakujakatazwa, ndugu. Kinachobanwa ni kumfukuza. Kanuni za 2007 zinaangalia kama kiwango kilikuwa cha haki, kama mfanyakazi alikijua, na kama alipewa nafasi ya kujirekebisha. Kuwa wa mwisho kati ya wanane waliofikisha malengo si kushindwa kiwango. Dada aulize kwa maandishi ni lengo gani hakulifikia, atunze nakala. Akiachishwa, ana siku 30 za kufungua shauri CMA.

Mtindo huu ulivumishwa na Jack Welch pale General Electric. Microsoft waliuacha 2013, baada ya kulalamikiwa kwamba watu hodari wanakwepa kukaa timu moja na hodari wenzao.

Kwenye alama, andika ulichokiona mwenyewe: kazi gani, lini. Tetesi ziache. Na kuhusu kile kikundi, pendekeza kamati ya mikopo isipitishe kikundi kabla maafisa wote hawajasaini wanachokijua kukihusu. Atakayeficha atakuwa amesaini uongo.

Mwalimu_Makete: Hata sisi watumishi wa umma, PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji, inatutesa. Mtandao wa shida, najaza kazi zangu usiku.

Kijana_Kabwe: Peaneni zamu ya kuwa wa mwisho, yaishe.

Mstaafu_Utumishi: Usithubutu, kijana. Hizo ni alama za kughushi. Akija meneja mpya atasoma faili, makubaliano yenu hatayajua, na aliyejitolea ndiye atakayeumia.

Afisa_Mwanjelwa: Shikamoo mzee, nimekuelewa. La kusaini nitalipeleka kikao cha Jumatatu. Pia nataka marejesho ya Ubaruku ya Machi yawekwe kando ya yale ya Julai, baada ya mavuno, makao makuu waone. Ila dada mwenyewe hataki kuandika chochote, anaogopa ataonekana mkorofi. Nimwandikie mimi bila ridhaa yake?

Mstaafu_Utumishi: Hapana. Barua inayomhusu ni yake. Wewe zungumzia tarehe ya kufunga tathmini, hiyo inawahusu wote.