Barua tatu za onyo kwa asiyefikia lengo: ni haki au ni kujikosha?

Msimamizi wa mauzo, Tabata: Nina kijana wa mauzo, ana miaka minne kazini. Lengo ni katoni 400 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo ameishia 270 hadi 290. Rasilimali watu wananiambia niandike barua tatu za onyo kisha tumwachishe. Hivyo ndivyo haki inavyotaka? Na mpango wa kuboresha utendaji uwe wa siku ngapi?

Mwenye duka, Kariakoo: Asiyeweza kazi anaondolewa, sheria haijakufunga mikono. Ila uandike. Barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, asaini zote, mchezo umeisha. Sisi tunalipa kodi ya fremu, hatuendeshi shule.

Afisa rasilimali watu mstaafu, Upanga: Kuhusu kuandika, bosi wangu, uko sawa. Idadi ya barua ndiyo sikubaliani nayo. Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, hazisemi tatu. Zinauliza kama mtu alikijua kiwango, kama kiwango chenyewe kinafikika, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kweli ya kukifikia. Mwajiri anatakiwa achunguze sababu, amwelekeze, amfundishe inapobidi, ampe muda. Hali isipobadilika ndipo anaonywa kwamba kazi inaweza kuisha. Barua tatu bila hayo ni kelele tatu. Dada Tabata, huyo kijana miaka mitatu ya mwanzo alikuwaje?

Msimamizi wa mauzo, Tabata: Alikuwa anapita 400 vizuri tu. Ila Januari tulimtoa njia ya Kariakoo tukampeleka Chanika. Gari nalo likapewa mwingine, sasa anatumia bodaboda.

Afisa mstaafu: Basi umejijibu nusu. Aliyekuwa Chanika kabla yake alikuwa anauza ngapi?

Msimamizi wa mauzo, Tabata: Nimefungua daftari sasa hivi. Mwezi wake bora ni 310.

Dereva, Mbagala: Nyie mnabembelezana! Mimi nilipewa barua moja tu, mafuta yalipungua kwenye tangi, kesho yake niko nyumbani. Mpango wa kuboresha sikuuona hata kwa dawa.

Afisa mstaafu: Pole kaka, ila lako lilikuwa shauri la nidhamu. Hapo unasomewa tuhuma na kusikilizwa, na kama hukusikilizwa ni kosa jingine kabisa. Wanaochanganya ndio wanaoharibu: mtu hafikii mauzo, anaandikiwa kwamba ni mvivu na mchelewaji. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa kuachisha kulikuwa halali, na barua ya uchelewaji haithibitishi lolote kuhusu katoni.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Ubungo: Mimi mipango hiyo siiamini. Nimeshaona mtu anasainishwa mpango wa siku 30 huku nafasi yake imeshatangazwa. Wiki ya pili lengo linapandishwa, na bidhaa ghalani hazipo. Huo ni mtego wenye saini.

Afisa mstaafu: Ndiyo maana upungufu wa ghalani nao uandikwe kwenye mpango. Dada, ningekuwa wewe ningeanza upya. Mwite, muulize kinachomkwamisha. Weka lengo la Chanika, tuseme 300, si la Kariakoo. Andikeni maduka gani atayafuata na wewe utampa nini: gari siku mbili kwa wiki, au umfuate njiani siku nzima umwone anavyouza. Kila Ijumaa kaeni na karatasi ya mauzo, wote msaini. Kwa mtu wa miaka minne aliyekuwa mzuri, mimi ningempa miezi miwili. Katikati ukiona hapandi, hapo ndipo barua ya onyo. Mwisho mwite kikaoni, aje na mwenzake wa kazini au mtu wa chama, mweleze, msikilize. Usipokubali hoja zake mwambie kwa nini, na uamuzi umpe kwa maandishi.

Mwakilishi wa chama: Miezi miwili ni michache. Chanika na bodaboda? Mpe mitatu.

Afisa mstaafu: Kanuni hazitaji siku. Zinatazama aina ya kazi, upungufu ni mkubwa kiasi gani, cheo, miaka ya kazi na rekodi. Meneja mzoefu anayeweza kujipima mwenyewe kama anafikia kiwango anaweza hata asipewe muda huo. Huyu si meneja.

Mwenye duka, Kariakoo: Na mimi mwenye vijana wawili, mauzo yakishuka miezi mitatu mshahara nitautoa wapi?

Mwakilishi wa chama: Hiyo, bosi, ni biashara kuyumba. Usimbebeshe kijana.

Mwenye duka, Kariakoo: Nani ameniambia inayumba? Ni yeye hauzi!

Afisa mstaafu: Mbadilishane zamu wiki mbili, wewe usimame kaunta yeye awe stoo. Usipouza na wewe, tutazungumza lingine.

Msimamizi wa mauzo, Tabata: Nimewapelekea rasilimali watu daftari la Chanika. Wanasema lengo la kampuni ni moja kwa wote. Nani analibadilisha, mimi au wao?