Naomba ushauri: kukokotoa saa za ziada pale muda wa kutoka unapokosekana

Ndugu wanachama, nimeletewa picha ya skrini ya mahudhurio ya mfanyakazi mmoja, nikaziingiza saa zake kwenye Excel kwa fomula hii, ambayo huondoa saa 1 ya mapumziko na kukubali zamu zinazovuka usiku wa manane:

```
=MOD(C2-B2,1)*24-1
```

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zimetoa saa 8 kila moja, na Jumanne saa 9.5. Alhamisi aliingia 08:00, lakini muda wa kutoka haupo. Excel imeisoma seli tupu kama 00:00 na kumpa saa 15, hivyo wiki ikafika saa 48.5. Kwa kuwa kwetu saa za ziada ni zile zinazozidi 40 kwa wiki, zimeonekana 8.5, ambazo ni wazi kwamba si za kweli. Nikiiacha siku hiyo, zinabaki 33.5 bila ziada yoyote, jambo ambalo ni kumdhulumu, maana kazini alikuwepo. Nikikadiria saa 8, ziada inakuwa 1.5.

Nimefikiria kutumia IF ili seli tupu ilete neno badala ya namba, ila SUM huyaruka maneno kimyakimya, na jumla itaonekana kana kwamba imekamilika. Je, mnaizuiaje jumla isitoke hadi msimamizi athibitishe muda wa kutoka, na mnakubali uthibitisho wa aina gani?