Re: Andalio la somo la methali, watoto wa likizo ya Juni Tukuyu

Kutoka: Mama wa Uyole (niko Leeds)

Habarini za wikiendi, ndugu zangu wa Nyanda za Juu.

Wengine mnajua kila Jumamosi nafundisha Kiswahili watoto wetu huku. Mwezi wa sita tunakwenda nyumbani Tukuyu, na mama mdogo ameniomba niwakalishe barazani pamoja na binamu zao. Watakuwa kumi na mmoja, wa miaka kumi hadi kumi na tatu. Nataka somo moja la saa nzima: waeleze maana ya methali, halafu watunge mazungumzo mafupi ya kwao wenyewe.

Nilijaribu huku wiki iliyopita nikakwama. Niliwapa methali nane. Maana walizitaja vizuri, ila mazungumzo yote yalitoka hivi:

Mtoto: Shikamoo shangazi.
Shangazi: Marahaba, hujambo?
Mtoto: Sijambo. Leo ni siku ya tatu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Shangazi: Asante kwa ushauri wako mzuri.

Nilicheka, lakini sikujua nimsahihishe nini. Maana anaijua, sarufi haina kosa. Nisaidieni.

Kutoka: Kaka wa Ipogolo (niko Malmö)

Dada, nane ni chache. Sisi Iringa tulikariri hamsini na hadi leo tunazo. Wape orodha yenye maana pembeni, wakariri kwanza, matumizi yatakuja ukubwani.

Ila kitu kimoja kilichonisaidia ni kupambanisha zinazopingana. "Ngoja ngoja huumiza matumbo" na "Subira yavuta heri". Mmoja ashike hii, mwenzake ile, wabishane kuhusu basi lililochelewa pale stendi. Hapo hata mvivu anaongea.

Na kwenye hiyo ya mgeni ongeza "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni". Maana yake ni ileile.

Kutoka: Dada wa Makete (niko Rotterdam)

Mama wa Uyole, asante kwa kuleta hili jambo, maana mimi nina mgeni sebuleni mwezi wa nne sasa. Ni mtoto wa kaka yake mume wangu. Jembe nitalitoa wapi gorofa ya tano? Nimwambieje bila kuvunja undugu?

Kutoka: Mwalimu mstaafu (Tukuyu)

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi niko nyumbani, mvua imekatika juzi tu na baridi imeanza, kwa hiyo waje na masweta.

Mama wa Uyole, huyo mtoto hajakosea maana. Amekosea mdomo. Methali haina maana moja inayokaa daftarini. Ina msemaji na msemwa. Hiyo ya jembe mwenyeji akimwambia mgeni usoni, ni kumfukuza. Mtoto akimwambia shangazi yake, ni utovu wa adabu, na shangazi wa Rungwe hawezi kumjibu "asante kwa ushauri wako". Atamuuliza nani kamtuma. Hilo jibu la "asante kwa ushauri" ndilo dalili ya kuangalia. Ukiliona, ujue methali imebandikwa na haijasemwa.

Mgeni mwenyewe akiisema, inageuka kuwa heshima. Kwa hiyo usiwape nane. Wape mbili, na hiyo iwe ya kwanza. Weka jembe halisi katikati ya baraza ndiyo zana yako. Usiulize "maana yake nini?", kwa sababu watakupa jibu la kitabuni. Uliza hivi: maneno yenyewe yanaonyesha picha gani? Nani angeyasema, akimwambia nani? Na nani hawezi kuyasema kabisa? Swali la tatu ndilo linalofundisha. Hapo dakika kumi na tano zitaisha, usiogope.

Kisha wawili wawili waandike mistari sita tu. Kuna masharti mawili. Methali isiwe mstari wa mwisho, ili yule mwingine alazimike kuijibu. Na anayeisema anaruhusiwa kuikata au kuipinda. Watu wazima hatuisemi yote, tunaanza nusu na mwenzetu anamalizia moyoni. Mwaka jana nilifanya hivi na wajukuu zangu, wawili wakaleta haya:

Shangazi: Mbona umeamka mapema na baridi yote hii?
Mtoto: Shikamoo shangazi. Leo siku ya ngapi tangu nifike?
Shangazi: Marahaba. Ya tatu.
Mtoto: Basi nipe jembe.
Shangazi: Nani kakufundisha maneno hayo? Jembe liko nyuma ya jiko, lakini viazi havijakomaa. Kachume majani ya maboga.
Mtoto: Nakwenda, ila ndizi za mchana mniachie.

Angalia "mpe" imekuwa "nipe". Anayekariri tu hathubutu kugusa hilo neno. Aliyeelewa anaona kwamba mgeni wa kwenye methali ni yeye. Mimi hapo sina haja ya kumuuliza maana tena.

Njia ya kupima: wakisoma mbele ya wenzao, waruke ule mstari wa methali na wakae kimya kidogo. Wenzao wakibahatisha ni ipi, mazungumzo yamesimama. Wakitaja tatu tofauti, hali waliyoitunga haijaibeba, warudi waandike upya.

Kaka wa Ipogolo, la kupambanisha nalichukua, ni zuri. Ila kuku mgeni si jembe. Yule kuku anafungwa kamba kwa sababu bado hajazoea banda. Inasemwa kwa mtu mpya ambaye ugeni wake unaonekana tu, hata akijificha. Haihusu kazi wala muda wa kukaa. Na hamsini za kukariri tulizipata wote, lakini hebu jiulize umezitumia ngapi mwaka huu.

Kutoka: Kaka wa Ipogolo

Mwalimu, shikamoo. Za kuku nimekubali. Kwenye kukariri bado nabisha: asiyeijua nzima ataikataje nusu? Huyo mjukuu wako anasikia methali kila siku jikoni. Mtoto wa Leeds anazisikia Jumamosi, saa moja.

Kutoka: Mama wa Uyole

Mwalimu, nashukuru sana. Nimeandika upya andalio lote, jembe nitaliazima kwa mama mdogo. Ya pili nimechagua "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", kwa sababu hapo shida inageuka: wakubwa wanaisema kirahisi, mtoto ndiye hana pa kuisemea. Nadhani watamweka mtoto akijisema mwenyewe baada ya kuteleza kwenye matope. Au amnukuu bibi: "bibi alisema, asiyesikia..."

Kaka naye ana hoja. Nitawabandikia zote mbili ukutani wiki tatu kabla ya safari, wazizoee midomoni. Kinachonisumbua bado ni binamu wa Tukuyu, hao watataka kuleta methali za Kinyakyusa. Niwaruhusu wazitafsiri?

Kutoka: Mwalimu mstaafu

Mimi ningewazuia siku hiyo, tafsiri itakula saa yote. Mke wangu hapa anasema niwaache, kwamba ndizo zitakazowafanya wa Leeds wasikilize. Hatujaelewana.

Kutoka: Dada wa Makete

Na mgeni wangu jamani?

Kutoka: Mwalimu mstaafu

Mwanangu, wewe ni mwenyeji, kwa hiyo usiiseme. Mpe mtoto wako mdogo yale mazungumzo ya shangazi ayasome kwa sauti pale sebuleni, kama kazi ya shule.