Mjadala: Fundi cherehani aanzie TikTok au YouTube?

Muulizaji: Mimi ni fundi cherehani, nina simu moja na stendi yake. Nataka kufundisha kukata na kushona kwa video. Nianze na video fupi za TikTok au video ndefu za YouTube? Ninachotafuta ni kipato, si umaarufu.

Fundi wa Tanga: Anza na fupi. Video fupi humfikia mtu ambaye hakukutafuta wala hakujui, ilhali video ndefu ya mgeni yaweza kukaa miezi bila kuguswa. Kisha zipandishe hizo hizo YouTube kama Shorts, ili saa za kutazamwa zijikusanye hadi utimize masharti ya malipo, ndipo uhamie kwenye ndefu.

Mhariri wa video: Nusu ya kwanza ya hoja hiyo nakubaliana nayo, lakini ya pili itampotezea mwenzetu mwaka mzima. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo, unahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Muda ambao watu wanatumia kutazama Shorts wakiwa wanatelezesha kidole hauingizwi katika zile saa 4,000; ni njia mbili zisizochangiana, isipokuwa kwa wafuatiliaji.

Tupige hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Iwapo somo lako la kukata kola lina dakika 12 na kila mtazamaji anakaa nalo dakika 4 kwa wastani, utahitaji kutazamwa mara 60,000, idadi ambayo masomo 30 yanaweza kuifikisha kwa mwaka yakipata 2,000 kila moja. Kwa njia ya Shorts utahitaji zaidi ya mara 111,000 kila siku, siku 90 mfululizo. Mimi nisingemshauri fundi wa mtaani aikimbilie hiyo.

Na TikTok? Mpango wake wa kulipa kulingana na kutazamwa hudai wafuasi 10,000 na video zinazozidi dakika 1, tena uko katika nchi chache, na Tanzania na Kenya hazimo.

Mama wa mapishi: Mimi nilinaswa na jambo hilo bila kujua. Nilikuwa nikirekodi simu ikiwa imesimama wima, mapishi ya dakika 2 na nusu, nikidhani ni video za kawaida. Watazamaji waliongezeka, lakini saa hazikusogea. Baadaye niligundua kuwa tangu Oktoba 2024 video ya wima isiyozidi dakika 3 huhesabiwa kuwa Shorts hata kama hukuichagulia hivyo. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu: kwenye YouTube Studio, karibu watazamaji wote walitokea upande wa Shorts.

Mwanafunzi wa Mwanza: Samahani, ila video ndefu si zinamaliza bando? Mimi natazama fupi kwa sababu hiyo.

Mhariri wa video: Muulizaji anazungumzia kutengeneza, si kutazama, hata hivyo umegusa jambo. Anayetelezesha fupi kwa saa nzima huenda akatumia bando lile lile bila kuhisi. Tofauti ni kwamba anayefungua somo la kola ameliandika mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia, kitambaa kiko mezani, na mwakani mwingine ataliandika tena.

Kwa hiyo rekodi simu ikiwa imelala, ikitazama meza kutoka juu, na mikono iwe katikati ya fremu. Humo utakata kipande cha wima cha sekunde 40, kinachoanza na kosa lenyewe, yaani kola iliyopinda, kwa kuwa mtazamaji wa fupi hangoji salamu. Angalizo moja: ukikata wima kutoka picha ya 1920 kwa 1080, upana unaobaki ni kama 608 tu na uzi hauonekani vizuri. Simu yako ikiweza 4K, itumie.

Fundi wa Tanga: Kuhusu saa nakiri nimekosea. Lakini mnapima kipato kwa matangazo peke yake. Mimi fedha yangu inatokana na wateja wanaoona gauni kwa sekunde 20 na kunitumia vipimo WhatsApp jioni hiyo hiyo. Sijawahi kungoja saa 4,000.

Mhariri wa video: Hao wanakuja kushonewa. Mwenzetu anataka kufundisha.

Muulizaji: Kwa kweli nataka vyote viwili, na mchana nina nguo za watu. Nitarekodi somo la kola Jumapili, simu ikiwa imelala. Kama nitaweza kutoa masomo 30 kwa mwaka, hilo ndilo silijui.