Wanataka T3 na uzoefu wa miaka 3 kwa fundi wa sola, lakini hakuna anayekubali kuutilia saini uzoefu huo

Ndugu wanajukwaa, nimekaa na jambo hili muda mrefu na sasa limenifika shingoni. Nina cheti cha ufundi umeme, nimefaulu mtihani wa NITA gredi ya pili, na mwaka jana nililipa zaidi ya shilingi 40,000 kusomea sola kwa siku 5 katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Tangu hapo nimeomba kazi kwa kampuni 11 za Mombasa na Nairobi, na karibu zote zimeniambia maneno yale yale: niwe na leseni ya T3 ya EPRA, mamlaka ya nishati, uzoefu wa miaka 3 na cheti cha kufanya kazi juu ya paa. Ukiuliza kazi yenyewe ni ipi, unaambiwa ni kupandisha paneli na kufunga reli kwa shilingi 1,000 kwa siku.

Sipingi leseni. Umeme wa sola unaua na unachoma nyumba, na sitaki paa la mama yangu lifanyiwe kazi na mtu aliyejifunzia dukani. Ninachopinga ni jinsi ngazi hii ilivyowekwa. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwapa mafundi daraja tatu. T1 ni ya mifumo midogo ya betri moja isiyozidi wati 100, T2 inafika wati 300, na T3 ni ya mifumo mikubwa, pamoja na ile inayounganishwa na gridi. Paneli moja inayouzwa leo Mombasa ni wati 550. Kwa hiyo mtu aliyepata T2 kwa jasho lake haruhusiwi, kwa herufi ya kanuni, kufunga hata paneli moja ya aina inayonunuliwa siku hizi. Chuo kilinifundisha kiwango cha T2 huku kikijua kwamba kazi zote ziko T3.

Na mafunzo yenyewe yalikuwaje? Tulikuwa wanafunzi 32 mbele ya ubao mmoja uliofungwa paneli ya wati 50, kidhibiti chaji, betri na taa mbili. Koleo la kubana viunganishi vya MC4 lilikuwa moja, nalo halikutoka mkononi mwa mkufunzi. Hatukuona inveta ya gridi wala ya mseto, na hatukupanda paa. Siku ya tano tulipiga picha na vyeti vyetu.

Mwezi uliopita kampuni moja ya Nairobi iliniita kwenye mahojiano. Nilipewa swali la nyumba ya Limuru: paneli 10 za wati 550 na inveta ya mseto ya kilowati 5 yenye njia mbili za kuingizia umeme wa paneli, zile za MPPT, ambayo haitakiwi kupokea zaidi ya volti 500 kutoka kwenye paneli. Kibandiko cha paneli kilisema Voc, yaani volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, ni 49.8. Nilizidisha kwa 10 nikapata 498, nikaona iko chini ya 500, nikachora paneli zote 10 katika mfuatano mmoja. Msimamizi alitazama mchoro kwa sekunde chache tu, akaniambia nimeshaiua inveta ya mteja, akafunga faili.

Nilipouliza kosa langu, alinijibu kwamba 49.8 ni volti za paneli yenye joto la nyuzi 25, ilhali asubuhi ya Julai kule Limuru paneli inaweza kuwa na nyuzi 10. Volti za paneli ile hupanda asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja inayopungua. Nyuzi 15 zinakuwa asilimia 4 na kidogo, na 498 zangu zinafika 518. Nilitakiwa kuzigawa katika mifuatano miwili ya paneli 5, kila mmoja kwenye MPPT yake, na hapo hata asubuhi ya baridi kila upande haufiki volti 260. Hesabu hiyo ni ya dakika mbili. Nililipa zaidi ya shilingi 40,000 na hakuna aliyeitaja hata mara moja.

Kinachonichoma zaidi ni uzoefu. Kabla ya mahojiano hayo nilikuwa nimefanya kibarua miezi 7 kwa mkandarasi mmoja, juu ya paa la ghala. Nilifunga reli, nilivuta nyaya, nilipandisha paneli 180 kwa mikono hii. Nilipomwomba barua ya kuthibitisha kazi hiyo ili niiambatanishe na maombi ya leseni, alinijibu kwamba sikuwa fundi, nilikuwa kibarua, na hakuandika chochote. Leseni inataka ushahidi wa uzoefu, uzoefu uko kwa mwenye leseni, na mwenye leseni hatii saini. Naomba mtu anieleze mlango wa kuingilia uko wapi.

Paa la Mabati: Pole sana ndugu. Ila huyo msimamizi alikuonea. Joto hupunguza volti, na sisi huku Pwani hatuna baridi. Nimefunga mfuatano wa paneli 10 kama huo Mtwapa, nikapima saa sita mchana, multimita ikasoma 450. Ulikuwa sahihi, isipokuwa alikupa nyumba ya Limuru ili akuangushe.

Fundi wa Kitui: Ndugu Paa la Mabati, kuhusu joto umesema kweli, lakini saa uliyopima ndiyo inayodanganya. Saa sita mchana paneli ya Mtwapa ina nyuzi 60 hivi, ndiyo maana umeona 450. Rudi asubuhi mapema, jua linapoanza tu kuimulika paneli na paneli bado ina ubaridi wa usiku. Hata ikiwa nyuzi 20 tu, 498 yako inakuwa karibu 505. Volti hupanda hata kabla jua halijawa kali, na wakati huo inveta bado haijaanza kuvuta mkondo. Inaweza isife leo. Lakini zipo inveta zinazohifadhi volti ya juu kabisa zilizowahi kupokea, na siku itakapokufa muuzaji ataisoma namba hiyo kwanza, kisha akunyime dhamana. Tafadhali rudi kwa huyo mteja utoe paneli moja au ugawe mifuatano.

Kwako mwenye uzi: mimi ni mwanamke, nilianzia kwenye pampu za visima wala si kwenye paa za Nairobi. Huko vijijini wasimamizi ni wachache, kwa hiyo nilishika kila kitu mapema. Kisima cha pili nilichofunga, niliuweka vibaya waya wa kuhisi maji, pampu ikazunguka kavu nusu siku. Nililipia nusu ya gharama kutoka mfukoni. Lakini aliyenisimamia alikuwa na leseni, na alitia saini kisima kwa kisima, tarehe, kina na ukubwa wa pampu. Kurasa hizo ndizo nilizoambatanisha nilipoomba leseni.

Mwanabetri: Samahani kuingilia. Mimi nina paneli mbili na betri ya gari, taa zinazima saa tatu usiku. Hiyo T3 inauzwa bei gani, na itanisaidia usiku kucha?

Fundi wa Kitui: T3 ni leseni ya fundi, ndugu yangu, si kifaa. Tatizo lako ni betri. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku inakufa baada ya miezi michache. Fungua uzi wako, uandike taa ngapi na wati ngapi, nitakuja kukujibu.

Mkandarasi wa Nakuru: Nimesoma yote. Mimi ndiye aina ya mtu unayemlalamikia, kwa hiyo nitasema bila kuficha. Leseni inayotumika kwenye paa ni yangu. Paa likiungua, anayeitwa na bima ni mimi, na swali la kwanza ni nani alibana viunganishi. Mwaka juzi niliajiri kijana mwenye vyeti vitatu. Alibana MC4 kwa koleo la kawaida la kukatia waya. Kwa macho kiunganishi kilikuwa kizuri kabisa. Baada ya wiki sita plastiki ilikuwa imeyeyuka na bati lina doa jeusi la ukubwa wa sahani. Hapohapo nikagundua kwamba viunganishi vingine alikuwa amechanganya, dume la kiwanda kimoja na jike la kiwanda kingine, eti kwa sababu viliingia.

Kwa hiyo siku hizi cheti nakiangalia mwishoni. Nampa mtu waya wa milimita 4, kiunganishi na koleo, nasema bana viwili. Kisha navuta kwa nguvu. Halafu namwuliza angezima kipi kwanza kabla ya kufungua kiunganishi kilicho kazini. Anayekimbilia kuvuta MC4 huku mkondo unapita namwambia aende nyumbani, kwa sababu cheche ya umeme mnyoofu haizimiki kirahisi. Wewe ulikosea hesabu, na hesabu inafundishika kwa asubuhi moja. Huyo msimamizi alifunga faili mapema mno.

Lakini kuhusu saini, hapo utanichukia. Nimetia saini kwa vijana wanne. Wawili walipopata leseni walirudi kwa wateja wangu na kuwapa bei nafuu kwa kazi ileile. Tangu hapo nimekuwa mzito.

Mwenye uzi: Mzee wangu, nashukuru kwa kusema ukweli, lakini jibu lako ndilo linalonikasirisha zaidi ya yote. Wale wawili walikukosea wewe, mimi nimekukosea nini? Miezi yangu 7 juu ya lile ghala ilitokea. Paneli 180 ziko pale, zinatoa umeme hadi leo, na barua niliyoomba ilikuwa ya kusema tu kwamba nilikuwepo na nilifanya nini. Kama unaogopa wateja wako, nipe mkataba wa kutowagusa kwa mwaka mmoja nami nitautia saini kabla ya kupanda ngazi.

Mkandarasi wa Nakuru: Mkataba wa namna hiyo sijui kama unasimama mahakamani, na sitajifanya najua. Ninachoweza ni hiki. Nina paa la paneli 64 linaloanza Jumatatu ijayo. Njoo na daftari. Kila jioni utaandika ulichofanya siku hiyo: umebana viunganishi vingapi, umepima mfuatano upi, Voc ilisoma ngapi na ulitarajia ngapi. Nitatia saini nilichokiona kwa macho yangu, siku kwa siku. Usichokifanya hakitaandikwa, hata ukiomba.

Paa la Mabati: Na wale waliofanya kibarua zamani bila daftari, kama mimi, miaka 4?

Fundi wa Kitui: Wewe kwanza nenda Mtwapa kesho alfajiri na multimita.

Mwenye uzi: Nitakuwa Nakuru Jumapili jioni. Mzee, malipo ni ya fundi au ya kibarua? Naomba jibu uliandike hapa hapa, mbele ya watu.