Majitaka ya mji mdogo huku Teso: nichimbe karibu mita 6 au niweke pampu?

Kijana_wa_Mitaro: Habari zenu wakubwa, naandika ripoti ya usanifu wa majitaka nimekwama kwenye laini kuu. Mita 900, ardhi imelala kabisa mpaka kwenye kinamasi, bomba mm 200. Nikishuka 1:200 naanza kina cha mita 1.2 naishia 5.7, na huko ukichimba mita mbili tu maji yanatoka. Watu 8,000, lita 50 kwa mtu kwa siku, 80% inaingia kwenye bomba, nikizidisha mara 3 kwa asubuhi napata lita 11 kwa sekunde. Nilaze 1:300?

Boss_Bomba: Weka bomba la mm 300 bana, bomba kubwa linakubali mteremko mdogo, unaokoa kuchimba.

Mzee_Chemba: Boss, hiyo ni kweli bomba likijaa, hili halijai. Maji yaleyale kwenye bomba pana yanatandaa chini kina kinakuwa kidogo, mchanga unabaki. Kijana, wangapi wana bomba la maji nyumbani?

Kijana_wa_Mitaro: Kama mmoja kwa kumi mzee, wengine jerikeni kioski.

Mzee_Chemba: Basi lita 11 ni ya miaka ijayo, maji ya jerikeni yanamwagwa uani hayaingii kwenye bomba lako. Mwaka wa kwanza una lita 1.1 hivi. Bomba la 200 kwa 1:300 likijaa linakimbia mita 0.6 kwa sekunde, kwa hiyo lita moja linatambaa 0.3 tu. Hata 1:200 itakupa 0.4 hivi, kwa hiyo andika kabisa kwenye ripoti nani atasafisha laini na kila baada ya muda gani. Anza kuunganisha soko, hospitali, shule na gesti, vyoo vya shimo waachie gari la kunyonya. Ukitaka kujua laini inaziba fungua chemba asubuhi, ukikuta mchanga chini na alama ya uchafu juu ukutani ujue maji yanarudi nyuma.

Mama_Duka: Huku kwetu mifuniko ya chemba inaibiwa wanauza skrapu, mvua ikinyesha uchafu unafika dukani. Si mpunguze chemba, moja kila mita 150?

Mzee_Chemba: Pole dada. Tatizo lako ni mvua kuingia, weka mifuniko ya zege na uzuie watu kuunganisha maji ya paa. Chemba lakini mita 60 isizidi sana, pia kila kona na kila laini zinapokutana, maana huko mnazibua kwa fimbo si kwa gari la presha.

Kijana_wa_Mitaro: Na pampu?

Mzee_Chemba: Ukiiweka mita 450 kina kinaishia mita 3.5, unapandisha unaanza upya 1.2. Ziwe mbili, moja ya akiba, na kisima cha pampu kisiwe kikubwa kwa sasa, majitaka yakikaa masaa yanaoza yananuka. Acha tu nafasi ya kuongeza.

Boss_Bomba: Na umeme ukikatika masaa sita? Yanafurika kinamasini, watu wa mazingira NEMA watakuuliza. Mimi bado ningechimba.

Mzee_Chemba: Hapo uko sawa, jenereta iingie kwenye bajeti. Ila kuchimba karibu mita 6 ndani ya maji, uliza kwanza bei ya kuyavuta mtaro mzima. Kijana, una vipimo vya udongo wa huko?

Kijana_wa_Mitaro: Bado, wanachimba mashimo ya majaribio wiki ijayo, nitaweka matokeo hapa.